Namba tasa na mduara uliojificha

Maelezo ya ubaoni husikika hivi: vunja namba yoyote kubwa kuliko 1 mpaka zibaki namba tasa tupu; ukiivunja kwa njia nyingine, tasa zitakuwa zilezile, maana tasa inayogawa zao haina budi kugawa mojawapo ya namba zilizozidishwa. Wasikilizaji huridhika. Anayeyapanga upya kuwa fasili, lema na nadharia ndiye hukwama kwenye hiyo "maana".

Mpangilio mzuri huitoa sentensi hiyo na kuipa namba yake. Fasili 1: namba tasa ni namba kamili kubwa kuliko 1 isiyo na kigawo chanya ila 1 na yenyewe. Lema 1: KKS ya a na b ikiwa 1, zipo namba kamili x na y ambazo ax + by = 1. Lema 2: p ikiwa tasa na ikigawa ab, basi inagawa a au b.

Uthibitisho wa Lema 2 ni mfupi. Tuseme p haigawi a. Kwa Fasili 1, KKS ya p na a ni 1. Kwa Lema 1, px + ay = 1. Zidisha kwa b: pbx + aby = b. Vipande vyote viwili vya kushoto vinagawanyika kwa p, kwa hiyo b nayo inagawanyika.

Sasa pima. Futa neno "tasa" kwenye Lema 2: 6 inagawa 4 × 9, lakini haigawi 4 wala 9. Kwa hiyo sharti lile lina kazi, na uthibitisho bora hukuonyesha mahali linapofanya kazi, yaani pale KKS inapokuwa 1. Sharti lililotajwa kisha lisitumike popote linatia shaka.

Halafu fuata marejeo. Kila uthibitisho utegemee yaliyotangulia tu. Kasoro ninayoiona mara nyingi ni Lema 2 kuthibitishwa kwa kuvunja a na b kuwa tasa "zake", yaani kwa kutumia nadharia ileile ya upekee inayosubiri lema hii. Katika masimulizi mduara huo haushtui mtu.

Tenganisha pia kuwapo kwa mgawanyo na upekee wake. Kuwapo hakuhitaji Lema 2 hata kidogo. Mwandishi anayeitaja hapo hajui nguzo zake.

Faida ya mpangilio huu huonekana ukihamia namba za aina a + b√−5, a na b zikiwa namba kamili. Humo 6 ni 2 × 3, na pia ni (1 + √−5)(1 − √−5), na vipande vyote vinne havivunjiki zaidi. 2 inagawa zao hilo la pili bila kugawa kipande chake chochote. Lema 2 imeanguka na upekee pamoja nayo, lakini kuwapo kumesalia.