Nguzo ndefu si nguzo nene

Nina mbele yangu picha ya histogramu kutoka Kimamba, iliyopigwa kwa simu. Ni zoezi la nyuzi 150 za mkonge zilizopimwa urefu kwa sentimita: makundi matano, karatasi ya grafu, na kidole gumba cha mpiga picha kimefunika namba zote za mhimili wa wima. Mistari imechorwa safi, mipaka ya makundi inasomeka. Aliyechora hana kosa.

Kosa ni la aliyekokotoa idadi ya nyuzi za kila kundi. Kwa kuwa namba za wima hazionekani, alihesabu vijumba vya kila nguzo kwenda juu. Akapata 4, 12, 42, 52 na 17, jumla 127. Mpaka hapo yuko sawa. Kisha akagawa nyuzi 150 kwa uwiano wa urefu huo. Hapo ndipo nilipoweka kikombe cha chai chini.

Tazameni mipaka: 30–60, 60–90, 90–100, 100–105, 105–125. Upana ni 30, 30, 10, 5 na 20. Kundi la 100–105 lina nguzo ndefu kuliko zote, lakini ni nyembamba kama mti wa mwavuli. Yeye akalipa nyuzi 61. Kundi la 60–90, fupi na pana, akalipa 14. Mengine yakapata 5, 50 na 20. Kilichoniudhi zaidi ni kwamba baada ya kukadiria desimali, jumla yake inatoka 150 kamili! Akaridhika. Lakini jumla hiyo haithibitishi kitu, maana ukigawa 150 kwa uwiano wowote ule, hata wa kubuni, vipande vitarudi 150. Dalili alikuwa nayo mkononi kabla ya kukadiria: nyuzi 61.4. Nani aliwahi kuona sehemu nne za kumi za uzi?

Urefu wa nguzo kwenye histogramu ya namna hii ni msongamano wa frikwensi, yaani nyuzi ngapi kwa kila sentimita moja ya upana. Idadi iko kwenye eneo. Na eneo lilikuwa wazi pichani, kidole au hakuna kidole. Kijumba kimoja kwa mlalo ni sentimita 1, basi zidisha: 30 × 4 ni vijumba 120, halafu 30 × 12 ni 360, 10 × 42 ni 420, 5 × 52 ni 260, na 20 × 17 ni 340. Jumla vijumba 1,500 kwa nyuzi 150. Kila vijumba kumi ni uzi mmoja. Idadi ni 12, 36, 42, 26 na 34, zote kamili bila kukadiria hata moja. Na namba zilizofichwa zinajitokeza zenyewe: kijumba kimoja kwenda juu ni msongamano wa 0.1.

Kwa watu wa katani hili si suala la alama za mtihani tu. Mipaka ya 60 na 90 haikuokotwa. Ni takriban futi 2 na futi 3, vipimo vya zamani vya kupanga madaraja ya nyuzi. Chini ya 90 zimo nyuzi 48, karibu theluthi ya shehena. Yeye anasema 19. Mnunuzi angefungua robota na kuuliza nani kamdanganya.

Nimeshalalamika kuhusu wanaofundisha histogramu kama grafu ya nguzo zilizobanwa pamoja, na nitaendelea. Hata Florence Nightingale, mwaka 1858, alipochora vifo vya askari wa vita vya Krimea kwa kabari zinazozunguka kitovu, hakurefusha kabari kufuata idadi. Alirefusha kufuata kipeuo cha pili cha idadi, ili eneo ndilo liseme. Hakuwa na kikokotoo.

Kuhesabu vijumba badala ya kuweka rula juu ya skrini kulikuwa uamuzi mzuri, nampa mkokotoaji wetu haki yake. Simu ilishikwa kwa upande, kwa hiyo upande wa mbali umesinyaa. Lakini vijumba vimesinyaa pamoja na nguzo zake.

Swali la mwisho la zoezi liliuliza idadi ya nyuzi zilizo chini ya sentimita 80. Chukua 12 za kundi la kwanza, ongeza 20 × 1.2, yaani 24: jumla 36. Hiyo 24 ni makadirio, maana mchoro unachukulia nyuzi zimetawanyika sawasawa kati ya 60 na 90, na huenda nyingi zimejazana karibu na 90. Yeye aliandika 14 na kupigia mstari mara mbili.