Ufundi wa Kadi ya Mchumba

Tinder, iliyoanza mwaka 2012, ilipowazoesha watu kutelezesha kidole kulia kumpenda mtu na kushoto kumpita, ishara hiyo ilikuwa na mwenyewe tayari. Tangu 2009, VoiceOver, kisoma skrini cha iPhone kinachomsomea kwa sauti asiyeona, ilikuwa ikiitumia kwa kazi nyingine: ukitelezesha kulia unakwenda kwenye kitu kinachofuata, ukitelezesha kushoto unarudi nyuma. TalkBack ya Android nayo hufanya hivyo hivyo. Basi asiyeona akitelezesha kidole kulia kwenye programu ya kutafuta mchumba, hajampenda mtu yeyote. Ametoka tu kwenye jina akaingia kwenye umri.

Fundi mwenye haraka huweka vitufe viwili chini ya kadi, moyo na alama ya X, akahesabu kazi imekwisha. Kisoma skrini kikifika hapo husema "kitufe", kisha tena "kitufe". Fundi makini huvipa majina: "Mpende Neema", "Mpite Neema". Jina la mtu halikuwekwa humo kwa urembo. Msikilizaji hana picha mbele yake ya kumkumbusha anayeamuliwa ni nani. Halafu fundi huyo huvifunga vitendo hivyo kwenye kadi yenyewe:

```swift
kadi.accessibilityCustomActions = [
  UIAccessibilityCustomAction(name: "Mpende Neema") { _ in
    mpende(); return true },
  UIAccessibilityCustomAction(name: "Mpite Neema") { _ in
    mpite(); return true }
]
```

Sasa mtumiaji akiwa juu ya kadi hutelezesha kidole juu au chini, akasikia vitendo kimoja kimoja, na kugonga mara mbili anachokitaka. Uamuzi umetenganishwa na ishara ya kidole, na hiyo ndiyo siri ya kazi nzima.

Kazi inayobaki haionekani kwa macho. Kadi hupangwa kwa rundo, ya juu ikizifunika nyingine. Mwenye kuona humwona Neema peke yake, lakini kisoma skrini huzifikia zote, kikasoma "Neema, miaka 29, Mwanza", kisha bila kituo "Asha, mwalimu". Msikilizaji anaondoka na mtu mmoja aliyeungwa kwa vipande vya wawili. Dawa ni kuzificha kadi za chini zisisomwe mpaka zamu yao ifike. Pia Neema akishapitwa, kadi yake hutoweka, na kielekezi kilichokuwa juu yake hukosa pa kusimama. Mara nyingi huishia kwenye menyu iliyo juu ya skrini. Fundi mzuri hukipeleka moja kwa moja kwenye jina la Asha, ili mtumiaji aendelee bila kupapasa.

Kwa wenye uoni hafifu, mtego uko kwenye jina jeupe lililoandikwa juu ya picha. Mwongozo wa WCAG unadai mwanga wa maandishi ya kawaida na wa kilicho nyuma yake vitofautiane kwa uwiano wa angalau 4.5 kwa 1. Picha, hata hivyo, huletwa na watumiaji: huyu kavaa kanzu nyeupe, yule kasimama kwenye mchanga wa ufukweni. Fundi hapimi picha moja moja. Huchukua iliyo mbaya kuliko zote, picha nyeupe pe, na kukokotoa utando mweusi unaotosha kuishinda. Jibu ni weusi wa asilimia 54 hivi. Ukiishinda hiyo, umezishinda zote.

Kwa kawaida utando huo hukolea chini na kufifia kuelekea juu, kwa hiyo unaopimwa ni mstari wa juu wa maandishi. Mtumiaji akikuza herufi hadi asilimia 200, kama mwongozo huohuo unavyotaka awezeshwe, maandishi hupanda na kutoka nje ya utando, na jina likamezwa na kanzu. Wenye ujuzi huufunga utando kwenye kimo cha maandishi, vikapanda pamoja. Mtumiaji hatajua kwamba kuna mtu alikaa akaliwaza jambo hilo, na hivyo ndivyo inavyopasa.

Kuna jambo moja ambalo ufundi huu hauwezi kulifanya kikamilifu: kusema picha ina nini. Kisoma skrini kikitangaza "picha 1 kati ya 4", msikilizaji bado hajajua picha hiyo inaonyesha nini. Ndiyo maana ni busara programu imwombe mwenye picha aandike mstari mmoja wa maelezo, kwa kuwa yeye ndiye anayejua kwa nini aliichagua.

Mtengenezaji anayetaka kujua kama amefaulu awashe VoiceOver, agonge skrini mara tatu kwa vidole vitatu ili iwe nyeusi, kisha ajaribu mambo matatu: kumpenda mtu, kumpita mwingine, na kumzuia na kumripoti msumbufu. La tatu husahaulika sana kwa sababu hujificha ndani ya menyu ya vidoti visivyo na jina. Likimshinda hilo, programu yake haijawa tayari kutolewa.