Barua ya Kumdhamini Mfanyakazi: Kutoka Mistari Minne Hadi Ukurasa wa Kiingereza

Barua ya kumdhamini mfanyakazi wa zamani si cheti cha utumishi. Tanzania Bara, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inamtaka mwajiri atoe cheti hicho ajira inapokoma. Cheti huthibitisha kwamba mtu alifanya kazi mahali fulani, na barua hueleza alivyoifanya. Ugumu ni kwamba meneja mwenye shughuli nyingi humpa mwandishi maneno machache tu, kama haya ya meneja wa hoteli moja Unguja: “Stoo. Kaanza 3/2019, kaacha 6/2023. Mwaminifu, hana makuu, anajituma. Kaacha mwenyewe.”

Kuyageuza maneno hayo kuwa Kiingereza neno kwa neno huzaa barua dhaifu. Kwanza, hayasemi kama ni mwanamke au mwanamume, na Kiingereza huandikika kwa shida bila kujua hilo. Pili, sifa ya kutokuwa na makuu, inayopendeza sana kwa Kiswahili, humfanya msomaji wa Dubai au London amdhanie mtu mnyonge asiyeweza kusimamia stoo. Uaminifu nao ukitajwa mtupu hauthibitishi lolote. Karibu kila barua ya aina hii huutaja.

Dawa ni kumrudia meneja kwa maswali ya matukio, si ya sifa. Nani alishika funguo? Mali ilipohesabiwa ilionyesha nini? Kujituma kulionekana lini? Meneja akajibu kwamba mtunza stoo huyo ni mama, kwamba alishika funguo peke yake, kwamba hesabu ya kila mwisho wa mwezi ililingana na kadi za stoo, na kwamba boti ya mzigo ikichelewa alibaki hadi usiku kuupokea. Ndipo sentensi za barua zikapatikana: uaminifu ukawa funguo na hesabu, kujituma kukawa mzigo wa usiku. Kutokuwa na makuu kukaandikwa kama kuelewana vyema na wapishi na wahudumu, baada ya meneja kukubali kwamba ndivyo alivyokusudia.

Mpangilio ni mfupi: cheo na tarehe, nafasi ya meneja juu yake, kazi yenyewe, sababu ya kuondoka, kisha simu na baruapepe ya ofisi. Vitenzi vikae katika wakati uliopita, la sivyo mwajiri mpya ataelewa kwamba mfanyakazi bado yuko kazini. Sababu ya kuondoka haifai kuachwa, kwani msomaji mzoefu akikuta pengo hapo hushuku kufukuzwa. Sifa zilizopitiliza humtia shaka vilevile.

Kabla ya sahihi na muhuri, mwandishi humsomea meneja barua nzima kwa Kiswahili, sentensi moja moja. Katika barua hii meneja alirekebisha moja, iliyosema mama huyo aliwafundisha watunza stoo wapya. Mama alimfundisha mmoja tu, nayo ikaandikwa hivyo. Anayetia sahihi ndiye atakayepigiwa simu na kuulizwa.