Kuipima Hati ya Mhadhara Iliyoandikwa na Mashine

Hati ya mhadhara iliyotolewa na mashine ya kutambua sauti, hata baada ya kupita mikononi mwa msahihishaji, aghalabu huonekana safi kuliko ilivyo, kwa kuwa mashine hiyo, pale isiposikia vyema, haiachi pengo wala haitii alama ya shaka, bali huchagua neno lililo karibu kwa sauti na kuliweka mahali pale kwa utulivu, kana kwamba mhadhiri mwenyewe ndiye aliyelitamka. Jina lililokatwa vipande na neno lisilo na maana huonekana na kila mwenye macho, na kuyaondoa hayo si ithibati ya kazi njema. Anayetaka kujua thamani ya hati na alitafute lile kosa linalosomeka vizuri.

Tutwae kwa mfano mhadhara wa Kiswahili juu ya malaria, uliokusudiwa wanafunzi wa uuguzi. Mhadhiri amesema kwamba vimelea vikiingia mwilini huenda kwenye ini, na mashine imeandika hivi: «vimeelea vikiingia mwilini vinakwenda kwenye ini na humo hukaa siku saba au zaidi mtu hasikii chochote». Tofauti ni irabu moja tu, nayo katika usemi wa haraka humezwa kabisa. Vimelea ni wale viumbe wadogo waletao maradhi, na vimeelea ni vitu vilivyokaa juu ya maji. Sentensi ile, kwa bahati mbaya, yaweza kupita mbele ya msomaji aliyechoka, kwani vitu vilivyo katika damu si ajabu kwamba vielee. Na neno hilo likishakosewa mara moja, lina hakika ya kurudi, pengine katika kila ukurasa wa pili, mara limeandikwa sawa na mara limeandikwa kombo.

Katika mambo haya Kiswahili kimejaliwa shahidi mwaminifu, nao ni upatanisho wa ngeli. Mashine ikisikia «chanzo» mahali pa «chanjo», mara nyingi huandika «chanzo ya malaria imechunguzwa kwa miaka mingi», na hiyo «ya» pamoja na hiyo «imechunguzwa» zinatangaza waziwazi kwamba nomino iliyosemwa haikuwa ya ngeli ya ki-vi. Msahihishaji aliye hodari husimama hapo, akarudi kwenye sauti, akaisikia chanjo. Lakini yule mwenye elimu nusu, ambaye sarufi anaijua ila hasikilizi, huinyoosha sentensi kwa ufasaha wake: «chanzo cha malaria kimechunguzwa kwa miaka mingi». Sasa sarufi imetimia, maana inakubalika, na shahidi wa pekee amenyamazishwa. Hakuna msomaji atakayetambua tena kwamba mhadhiri alikuwa akizungumzia kinga iliyoanza kutolewa kwa watoto wa Kenya mwaka 2019. Mimi naiona hii kuwa dhara kubwa zaidi katika kazi yote hii, kwa sababu hutendwa na mtu ajuaye lugha, na kwa nia njema.

Ziko jozi ambazo ngeli haina la kusema juu yake. Dhana na zana zote mbili zimo katika ngeli moja, na wako wasemaji wengi wa bara na hata wa pwani ambao dh na z hutoka vinywani mwao sauti moja, basi hata kurudia sauti mara kumi hakutasaidia. Hapo hakimu huwa mada: ikiwa mhadhiri yumo katika kuzungumzia vyandarua na dawa za kupulizia, amesema zana, ikiwa anaeleza jinsi mwili unavyojizoeza kupambana na ugonjwa, amesema dhana ya kinga.

Amma vituo, hapa yapaswa kukumbuka kwamba Kiswahili hakibadilishi mpangilio wa maneno kwa ajili ya swali la ndiyo au la, na mhadhiri asiposema «je» huuliza kwa kupandisha sauti tu. Walimu nao wana desturi ya kuuliza na kujijibu. Mhadhiri wetu amesema: «Mbu wote wanaambukiza malaria? La, ni anofelesi jike tu.» Mashine, isipotia kiulizo, inamfanya mwalimu atoe kauli ya uongo, na ikiwa lile «la» fupi limepotea katika kelele za feni, hakuna tena kinachoikanusha kauli hiyo. Jirani wa kosa hili ni ukanushi uliofichwa katika silabi moja. «Mtoto asipotibiwa mapema huweza kufa» na «mtoto anapotibiwa mapema huweza kufa» zimetofautiana kwa «si» na «na». Kadhalika watu «wasio na dalili» ambao hata hivyo hubeba vimelea katika damu yao, wakiandikwa «walio na dalili», somo zima la maambukizi ya siri limebatilika.

Wahandisi hupima mashine zao kwa kuhesabu maneno yaliyobadilishwa, yaliyoachwa na yaliyoongezwa, kisha kugawanya jumla hiyo kwa idadi ya maneno yaliyosemwa hakika. Kipimo hicho chafaa kulinganisha mashine na mashine, walakini hakimfai mhakiki wa hati, kwa maana katika kipimo hicho kupotea kwa «basi» na kubadilika kwa «asipotibiwa» ni kosa moja moja, na kiulizo kilichoachwa si kosa kabisa, kwani kwa kawaida vituo huondolewa kabla ya kuhesabu. Njia iliyo bora ni kuchagua dakika tano za katikati ya mhadhara, ambapo msahihishaji amekwisha kuchoka, na kuzisikiliza huku ukiifuata hati kwa kidole, ukisimama kwenye kila ukanushi, kila swali na kila tarakimu. Tarakimu ziangaliwe kwa namna ya pekee: «elfu ishirini na tano» kwa mmoja ni 25,000 na kwa mwingine ni 20,005, na mashine huchagua bila kumshauri mtu.

Istilahi za kigeni zina adabu yake. Jina la mbu yule, Anopheles gambiae, litatokea hapa kama «ano felesi», pale kama «anofelesi Gambia», na katika hati iliyosahihishwa vyema litakuwa na sura moja tangu mwanzo hata mwisho. Msahihishaji mwenye busara hujiandalia faharasa kutoka katika vitabu vya somo kabla ya kuanza kusikiliza. Hata hivyo asibadilishe yote kwa pigo moja, maana mhadhiri akiitaja nchi ya Gambia yenyewe, nayo itageuzwa mbu.

Lililobaki ni uaminifu. Makosa ya mhadhiri mwenyewe ni yake, yaachwe na yatiwe alama. Sentensi ambazo mashine huzizua katika ukimya, mwalimu anapochora ubaoni, zifutwe baada ya kusikiliza, si kwa kudhani. Na pale ambapo sikio limeshindwa paandikwe hivyo, pamoja na saa yake, kama [haisikiki 00:23:14]. Ukiletewa hati ya mhadhara wa saa nzima, uliorekodiwa katika ukumbi wenye feni na watu wanaokohoa, nayo haina alama hata moja ya namna hiyo, irudishe kwa aliyeileta, kwani haikusikilizwa.