Jibu la Meneja kwa Mgeni Aliyekasirika: Namna ya Kulipima

Kipimo cha kwanza hakihitaji utaalamu. Ukikuta mgeni ameiponda hoteli mtandaoni na meneja amemjibu, funika lalamiko kwa kiganja usome jibu peke yake. Kama huwezi kubahatisha mgeni alilalamikia nini, jibu hilo halifai, hata likiwa na adabu namna gani. "Ndugu mgeni, tunasikitika kwa usumbufu wowote uliojitokeza. Maoni yako ni muhimu kwetu na tutayafanyia kazi." Maneno haya utamwandikia aliyekosa maji ya moto, aliyeumwa na kunguni na aliyepotelewa na begi, na hakuna hata mmoja wao atakayekuwa amejibiwa.

Tuchukue mfano wa hoteli ndogo ya ufukweni Paje, upande wa mashariki wa Unguja. Mgeni ameandika: "Siku mbili tumeoga maji baridi. Jenereta inanguruma usiku kucha. Nikauliza mapokezi, nikaambiwa nivumilie. Na hiyo bahari waliyoipiga picha haipo, mchana kutwa ni mchanga na majani!"

Jibu zuri lingekuwa hivi: "Asante kwa kutuandikia, na pole kwa siku hizo mbili. Hita ya chumba chako iliharibika jioni uliyofika, nasi tulimwita fundi keshokutwa yake badala ya usiku uleule. Kosa hilo ni letu; sasa imefungwa hita mpya. Jenereta bado iko nyuma ya vyumba vya chini na hatujapata pa kuihamishia, kwa hiyo anayetaka utulivu atuambie anapoweka nafasi tumpe chumba cha upande wa ufukweni. Kukuambia uvumilie halikuwa jibu la kumpa mgeni. Wa mapokezi sasa wana ruhusa ya kumhamisha mgeni chumba bila kunisubiri. Kuhusu bahari, maji ya Paje hupwa mbali sana, na tulipaswa kukueleza kabla hujaja. Tumeweka picha ya maji kupwa kando ya ile ya maji kujaa."

Hesabu malalamiko: manne. Hesabu majibu: manne, kwa mpangilio uleule wa mgeni. Meneja anayeruka moja huwa anaruka lile zito, na msomaji makini huliona pengo mara moja. Kisha tazama nani ametajwa kuwa mtendaji. "Hita iliharibika" ni sawa, kwa kuwa vyombo huharibika, lakini kuchelewa kumwita fundi kumewekwa mikononi mwa hoteli. Meneja mjanja angeishia kwenye hita.

Suala la bahari ndilo linalompima meneja hasa, kwa sababu hapo mgeni hana haki kamili. Pwani ile bahari hupwa na kujaa mara mbili kwa siku, na wakati wa bamvuo, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, maji hurudi nyuma mamia ya mita mpaka mashamba ya mwani yanaonekana. Ingekuwa rahisi kumwambia mgeni kwamba hilo kila mtu analijua. Meneja wetu hakumsomesha. Ametafuta sehemu iliyo yake, yaani picha ya upande mmoja, akairekebisha.

Kujitetea hakuji kwa ukali tu. Husikika katika "ungetuambia ulipokuwa hapa", katika "wageni wengine wote wameridhika", na katika "kwa bei uliyolipa". Mara nyingi hujificha nyuma ya pole inayofuatwa na "lakini". Kuna aina nyingine inayopendeza machoni: "mhudumu huyo tumeshamfukuza." Hapo meneja amejikinga kwa mtumishi wake, na wewe hujui kama utaratibu wa mapokezi umebadilika. Kibaya zaidi ni kumwanika mgeni: alilala na nani, alikunywa kiasi gani, alidaiwa nini. Hata kama ni kweli, atakayesoma ataogopa kuwa naye ataanikwa siku moja.

Angalia pia nyakati za vitenzi. "Imefungwa" na "tumeweka" ni mambo unayoweza kuyakagua ukifika. "Tutaboresha" haikaguliki. Na sentensi ya thamani kuliko zote katika jibu lile ni ya jenereta, maana imekiri kisichotengenezwa na kukupa njia ya kukikwepa. Asiyeficha hilo hana sababu ya kukudanganya kuhusu hita.

Hata hivyo, jibu zuri halipashi maji moto. Kabla ya kulipa, shuka kwenye maoni yaliyoandikwa miezi iliyofuata. Hita ikilalamikiwa tena na jibu likawa tamu vilevile, tafuta hoteli nyingine.