Ustadi wa Kuusaka Mzizi

Mwanafunzi wa madrasa mjini Mpanda, makao makuu ya Mkoa wa Katavi, anapokutana na neno geni la Kiarabu huku simu yake ikiwa na herufi za Kilatini pekee, hawezi hata kuliandika kwa kukisia matamshi, kwa kuwa maandishi ya kawaida ya Kiarabu huacha irabu fupi na kumpa msomaji konsonanti tupu. Kinachomfaa hapo ni kamusi iliyochapwa, pamoja na ustadi wa kuifungua, ambao ni miongoni mwa stadi nzuri kabisa za usomaji.

Kamusi ya Hans Wehr, iliyotoka kwa Kijerumani mwaka 1952 na kwa Kiingereza mwaka 1961, hupanga maneno kwa mzizi, yaani konsonanti za asili ambazo aghalabu huwa tatu. Na tuchukue neno lenye alifu, lamu, mimu, sini, te, shini, fe, na mwishoni ye isiyo na nukta. Alifu na lamu za mwanzo, ambazo kwa kawaida ni kiambishi cha kulibainisha jina, huondolewa kwanza. Kisha hukumbukwa kanuni ya wanasarufi kwamba herufi zinazoweza kuongezwa juu ya mzizi ili kuunda neno ni kumi tu: hamza, alifu, te, sini, lamu, mimu, nuni, he nyepesi, wau na ye. Mimu, sini na te zimo katika kundi hilo, na zikifuatana hivyo mwanzoni mwa neno aghalabu ni nyongeza. Shini na fe hazimo, kwa hiyo ni za mzizi. Ye ingeweza kuwa ya ziada, lakini mzizi bado unadai herufi ya tatu. Anayefungua shini, fe, ye hulikuta neno *mustashfa*, yaani hospitali, karibu na mwisho wa maelezo, na njiani hupita *shifa*, neno ambalo Mswahili tayari analijua kwa maana ya uponyaji, nalo humthibitishia kwamba yumo katika ukurasa sahihi.

Msaada huo wa Kiswahili una mtego wake. Habari na hesabu huanza kwa herufi moja katika tahajia yetu, ilhali katika Kiarabu la kwanza huanza kwa khe, yenye nukta juu, na la pili kwa he nzito isiyo na nukta, hivyo anayefuata sikio badala ya nukta hupotelea katika sura isiyo yake. Pengine, hata hivyo, Kiswahili huokoa: *qala*, yaani alisema, huonyesha alifu katikati, na alifu ya namna hiyo haiwi ya mzizi bali huficha wau au ye; neno kauli, lililohifadhi mlio wa wau, huonyesha ni ipi.

Ipo pia *Al-Mawrid* ya Rohi Baalbaki, ya mwaka 1988, inayofuata herufi za neno lenyewe, ambamo *mustashfa* limo chini ya mimu. Mwenye kamusi hiyo hufika upesi zaidi, ila hapiti kwenye *shifa*.