Ndoo Nne za Mchanga

Mtoto wa Buzuruga hahitaji kuelezwa kokoto ni nini. Amewaona watu wakizigonga kwa nyundo kandokando ya vilima vya mawe, akaziona zikipimwa kwa ndoo siku ya kumwaga zege. Kwa hiyo mwalimu wa hisabati anayetaka karatasi moja ya uwiano kwa darasa lenye watoto wa kila namna haendi mbali. Fundi anachanganya saruji ndoo 2, mchanga ndoo 4 na kokoto ndoo 6. Moja, mbili, tatu. Swali: mchanga ukiwa ndoo 10, kokoto ziwe ndoo ngapi?

Jibu ni 15. Ila katika darasa lolote wapo watakaoandika 12, na hao ndio wa kuangaliwa kwanza. Wameona kwamba kokoto zimeuzidi mchanga kwa ndoo 2, wakaongeza 2 juu ya 10. Hawajakosea kujumlisha; wamejumlisha pale palipotaka kuzidisha. Robert Karplus, mwanafizikia wa Chuo Kikuu cha California kule Berkeley, alilianika kosa hili kwa picha ya watu wawili, Mfupi na Mrefu. Ukipima kwa vifungo, Mfupi ana 4 na Mrefu ana 6. Ukipima kwa vibanio vya karatasi, Mfupi ana 6, Mrefu je? Wengi walisema 8 badala ya 9.

Ndiyo maana swali hilo la ndoo 10 huulizwa siku moja kabla ya somo, kwenye kipande cha karatasi, kabla ya kuwagawa watoto katika ngazi tatu. Nafasi ya mtoto katika mtihani wa muhula haisaidii sana hapa. Mwepesi wa kujumlisha anaweza kuwa ndiye aliyeandika 12, tena kwa haraka na bila wasiwasi.

Ufundi wenyewe uko katika kuigawa karatasi ya uwiano bila kuipasua. Njia rahisi, nayo ni mbaya, ni kuwapa wanaosuasua namba ndogo na wengine namba kubwa. Ndoo 400 na 600 si ngumu kuliko 4 na 6, zina sifuri tu. Kinachobadilisha ugumu ni kama “mara ngapi” inatoka kamili. Kutoka 4 hadi 8 ni mara mbili, mtoto anaiona. Kutoka 4 hadi 10 ni mara mbili na nusu, na hapo ndipo anapokimbilia kujumlisha.

Kwa hiyo ngazi ya kwanza hupewa jedwali. Mchanga 4, kokoto 6. Mchanga 8, kokoto ngapi? Mchanga 2 je? Akishapata 12 na 3, anaulizwa ndoo 10, ambazo ni 8 na 2, na 15 inajitokeza yenyewe. Ngazi ya pili haina jedwali: inaanza na ndoo 10 moja kwa moja, kisha inageuza swali, kokoto ni 21, mchanga je? Anayejua kupanda tu hukwama. Anayejua kwamba mchanga ni theluthi mbili ya kokoto huandika 14. Ngazi ya tatu hupewa jumla: ndoo 42 za saruji, mchanga na kokoto, zigawe. Mafungu ni 6, kila fungu ndoo 7, basi 7, 14 na 21. Halafu inaulizwa kama ndoo hizo 42 zitatoa ndoo 42 za zege. Hazitoi. Mchanga na saruji huingia katika nafasi zilizo kati ya kokoto, na zege linalopatikana huwa karibu theluthi mbili tu ya kilichopimwa. Aliyewahi kubeba ndoo kwenye saiti atawashinda wenzake hapo, na ni haki yake.

Swali moja sharti liwe kwenye karatasi zote tatu: mafundi 4 wanamaliza kazi kwa siku 6, mafundi 8 watatumia siku ngapi? Anayejibu 12 amezoea kuzidisha kila anachokutana nacho. Wapo walimu wanaoliweka kwa wa ngazi ya juu tu. Naona wanawanyima wengine somo lenyewe, yaani kuamua kwanza kama uwiano wa aina ile unafaa.

Kwa kuwa kila mtoto amekutana na swali la ndoo 10, darasa linakutana ubaoni. Mmoja anaonyesha 8 na 2, mwingine anaonyesha mara moja na nusu, na aliyeandika 12 jana yake anaulizwa zege lake litafananaje na la fundi: kokoto zimepungua, mchanga umezidi.

Kesho yake swali linahama kutoka saiti kwenda jikoni: vikombe 6 vya mchele vinatosha watu 9, vikombe 8 vitatosha wangapi? Atakayeandika 12 anapanda ngazi. Atakayeandika 11 anarudi kwenye jedwali, safari hii la mchele, akianza na vikombe 2.